Nimepoteza mteja wangu mkubwa: nianze na jukwaa la kazi, wakala, au wateja wa zamani?

Kalamu_Tulivu | 3 Machi, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wakuu. Ninafanya tafsiri kwa kujitegemea, hasa miongozo ya matumizi ya mashine na ripoti za mwaka. Ijumaa iliyopita mteja wangu mkubwa alinipigia simu, akaniambia wameajiri mtu wa ndani na kazi zote zinahamia kwake. Ananiheshimu, alinishukuru vizuri, lakini mkataba wetu haukuwa na kifungu cha notisi. Simu ikakatika na kazi ikaishia hapo.

Sitataja kiasi cha fedha, nitaweka hesabu kwa mia ili kila mtu afuate. Kama mapato yangu ya mwezi yalikuwa 100, huyu peke yake alileta 64. Waliobaki ni wateja wanne, jumla 36. Matumizi yangu ya mwezi, kodi ya mapato ya hizo kazi zilizobaki ikiwemo, ni 60. Akiba ni 90, na ankara ya mwisho ya 64 naitarajia mwezi huu.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni majukwaa ya mtandaoni ambako unaomba kazi moja moja. Ya pili ni wakala wa tafsiri anayekupa kazi za wateja wake. Ya tatu ni kurudi kwa watu niliowahi kuwafanyia kazi wakapotea njiani. Muda ni mmoja na siwezi kuzikimbilia zote kwa nguvu sawa. Aliyewahi kupita hapa aniambie alianza na ipi. Nimeshapiga hesabu kwamba nina mwezi mmoja na nusu tu wa kuishi.

Bei_Nafuu | 3 Machi, saa 3:15 usiku

Pole sana dada. Ushauri wangu ni jukwaa, tena leo hii, na ushushe bei kwa theluthi moja. Watu wanataka unafuu. Ukishajaza kazi na maoni mazuri ya wateja, unapandisha polepole. Nilianza hivyo na sikulala njaa.

Daftari_la_Ankara | 3 Machi, saa 4:50 usiku

Mdogo wangu, pole. Kabla ya njia, turudi kwenye hesabu, kwa sababu hofu imekufanya usome daftari vibaya. Mwezi mmoja na nusu umeupata kwa kugawa 90 kwa 60, kana kwamba hao wateja wanne nao wameondoka. Hawajaondoka. Wanaleta 36, kwa hiyo pengo lako la mwezi ni 24.

Sasa chukua akiba 90. Ndani yake mna kodi ya miezi iliyopita ambayo hujailipa, ndiyo? Niambie ni kiasi gani, hiyo si yako. Ongeza ankara ya mwisho, nayo uitolee kodi yake. Kinachobaki ukigawe kwa 24.

Bei_Nafuu, hilo la kushusha bei nalipinga. Ukilipwa theluthi mbili, unahitaji saa moja na nusu kupata ulichopata kwa saa moja. Mtu mwenye pengo hana saa za kugawa hivyo. Na wale wanne waliobaki wakiiona bei mpya hadharani, watauliza kwa nini wao wanalipa zaidi.

Kalamu_Tulivu | 4 Machi, saa 12:20 asubuhi

Kodi iliyomo kwenye akiba ni 22. Ya ankara ya mwisho ni kama 10. Kwa hiyo 68 na 54, jumla 122. Nikigawa kwa 24 napata miezi mitano na siku chache. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Asante dada, jana sikulala.

Nanga | 4 Machi, saa 1:05 asubuhi

Mimi nasema usikubali! Mteja akikataa kulipa, mwandikie barua ya madai na umpe siku 14. Mimi kuna kampuni ilinizungusha kwa ankara tatu mfululizo, kila mara wanasema mhasibu yuko safarini, mpaka leo sijalipwa.

Daftari_la_Ankara | 4 Machi, saa 1:30 asubuhi

Ndugu Nanga, mwenzetu hajanyimwa malipo, kazi imekwisha tu. Lakini pole kwa yaliyokukuta. Kwa lako, ankara ya kwanza ikipita tarehe, kazi ya pili isitoke mkononi. Hapo bado wanakuhitaji, na barua yako ina uzito. Fungua mada yako tukusaidie.

Kalamu, ukiwa na miezi mitano unaweza kuchagua. Njia ya tatu ndiyo hulipa vizuri, ila huchelewa kuitika, kwa hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Fanya jambo moja: kila njia, andika saa zote, hata zile za kuomba kazi na kujibu ujumbe. Tukutane baada ya wiki kadhaa.

Kalamu_Tulivu | 18 Mei, saa 1:10 usiku

Nimerudi na daftari. Nimejaribu zote tatu, na nimeandika saa kama nilivyoambiwa. Saa moja ya kazi kwa bei yangu ya zamani naiita 10, hiki ni kipimo kingine, si ile mia ya mwezi.

Jukwaa nililitumia kwa wiki mbili. Saa 22 za kutafsiri, saa 13 za kuandika maombi na kujibu maswali ya watu ambao hawakurudi. Bei niliyoipata huko ilikuwa 6 kwa saa, jukwaa likakata sehemu yake, ikabaki 5. Ni 110 kwa saa 35. Kila saa niliyokaa kwenye kiti ilinipa 3 na kidogo. Fedha iliingia haraka, hilo ni kweli, ndani ya siku kumi.

Wakala analipa kwa neno, na ukigeuza kwa saa inakuja kama 5 na nusu. Hakuna maombi, kazi inakuja yenyewe, saa zisizolipwa ni chache sana, kwa hiyo mkononi inabaki 5 kamili. Lakini mambo mawili sikuyajua. Programu yao inalinganisha maandishi mapya na tafsiri za zamani, na sentensi inayofanana na ya zamani wanailipa kwa sehemu tu, ingawa inabidi uisome yote na uirekebishe. La pili ni tarehe. Waliandika “siku 45 mwisho wa mwezi”, nami nikasoma siku 45. Kazi niliyoikabidhi tarehe 9 Machi ilianza kuhesabiwa tarehe 31, ikalipwa 15 Mei. Siku 67. Kama ningekuwa na ule mwezi mmoja na nusu niliouogopa, ningekwama katikati.

Wateja wa zamani: niliandikia 19. Barua saba za kwanza zilikuwa “nina nafasi kwa sasa, mkiwa na kazi nikumbukeni”. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Nikakaa nikafungua faili zangu. Kwa kila mteja huwa ninatunza orodha ya istilahi, yaani neno gani tulikubaliana liitweje. Nikaanza kuandika hivi: “Mwaka juzi niliwatafsiria mwongozo wa pampu, toleo la pili. Nimeona sasa mnauza toleo la nne. Orodha ya istilahi tuliyokubaliana ninayo bado, kwa hiyo sura zilizobadilika tu ndizo zitakazohitaji kazi. Je, nani anashughulikia hilo siku hizi?” Kati ya 12 nilioandikia hivyo, sita walijibu, wawili wakatoa kazi. Saa 12 za kuandika na kutafiti, saa 18 za kazi kwa bei kamili: 180 kwa saa 30, yaani 6. Na zile saa za kutafiti sitazirudia kwa hao wawili.

Bei_Nafuu, kuna kitu ulikuwa nacho sawa. Mmoja alisita, nikampa sura moja ya majaribio, ya kulipia kwa bei ileile lakini fupi. Mlango mdogo ulifaa, bei ndogo sikuihitaji.

Bei_Nafuu | 18 Mei, saa 2:00 usiku

Nimekuelewa dada, hizo saa 13 sikuwahi kuzihesabu. Ila wewe una wateja wa zamani wa kuwaandikia. Anayeanza leo hana hata mmoja, yeye afanyeje? Kwake bado nasema jukwaa.

Daftari_la_Ankara | 18 Mei, saa 2:25 usiku

Kwa anayeanza, nakubaliana nawe. Hilo silo swali la Kalamu.

Kalamu_Tulivu | 6 Septemba, saa 3:30 asubuhi

Miezi sita imetimia. Machi 36, Aprili 44, Mei 52, Juni 49, Julai 58, Agosti 71. Juni ilinivunja moyo, mmoja wa wale wanne wa awali alisogeza ripoti yake mbele. Agosti ndiyo mara ya kwanza nimevuka 60. Ile 122 ilishuka mpaka 61 mwisho wa Julai, sasa iko 72. Wiki hii niliwasha kompyuta asubuhi bila kufungua salio la benki kwanza, na niligundua hilo saa sita mchana.

Mteja mkubwa wa sasa analeta 24 kati ya 71. Ndipo wakala akanipigia. Anataka siku tatu za kila wiki, za kudumu. Nikikubali, yeye ataleta kama 45, na kwa kuwa nitapunguza kazi nyingine, jumla itakuwa karibu 95. Nitakaribia nilipokuwa. Lakini karibu nusu itatoka tena kwa mtu mmoja, anayelipa nusu ya bei yangu, baada ya karibu siku sabini.

Mtumbwi | 6 Septemba, saa 4:10 asubuhi

Chukua. Nusu si 64. Na utajaza akiba mpaka miezi sita. Mimi nina watoto watatu, ningesaini leo.

Daftari_la_Ankara | 6 Septemba, saa 5:45 asubuhi

Mimi ningeomba siku mbili kwa wiki badala ya tatu, notisi ya siku 60 kwa maandishi, na malipo yahesabiwe tangu siku ya ankara, si mwisho wa mwezi. Wakikataa la notisi, hapo utakuwa umejua wanakuonaje. Hizo siku tatu zingekula muda wa nani kati ya wateja wako?

Kalamu_Tulivu | 6 Septemba, saa 6:02 mchana

Wa pampu, na yule wa sura ya majaribio. Ndio wanaolipa bei kamili, na ndio kazi zao haziji kila wiki. Mtumbwi, nami nina mtoto anayeingia shule Januari, kwa hiyo ninakuelewa vizuri.

Nimewaandikia wakala hayo matatu. Wanajibu Ijumaa.