Tupeane uzoefu: nafasi ni ya anayeanza, mwombaji ana miaka 15 kazini. Mliwapimaje watu wa hivi?

Mtunza Daftari

Wakuu, habari za wakati huu. Kitengo chetu kimetangaza nafasi ya mhasibu msaidizi. Kazi yenyewe ni kuingiza ankara kwenye mfumo, kusuluhisha hesabu za benki kila mwezi, kutunza fedha za matumizi madogo na kupanga vocha kwa ajili ya wakaguzi. Tangazo liliomba uzoefu wa mwaka 1 hadi 3. Katika maombi yaliyopita mchujo wa kwanza limo la mtu mwenye uzoefu wa miaka 15, na miaka 6 ya mwisho alikuwa mkuu wa fedha. Ana shahada ya uzamili na cheti cha bodi ya wahasibu.

Jopo limegawanyika. Mmoja anataka aondolewe kabla ya usaili kwa sababu hatakaa. Mwingine anasema tukimkosa huyu tutajuta. Mimi sipendi kumkata mtu kwa kumdhania, wala sipendi tuanze kuajiri upya katikati ya ukaguzi wa hesabu za mwaka. Mliowahi kukaa upande wa kuajiri, mliamua kwa kuangalia nini? Na suala la mshahara mlilifungua lini?

Ngao ya Chuma

Mkuu, hapo hakuna mjadala, mkate. Sisi tulimchukua mmoja kitengo cha ununuzi, wasifu wake kurasa sita. Aliondoka kabla muda wa majaribio haujaisha, tukarudia tangazo lilelile. Mtu aliyezoea kuidhinisha malipo ukimweka aingize ankara unampa adhabu. Na ukimlipa nusu ya alichozoea, kila mwisho wa mwezi anakumbuka alikotoka.

Bi Utumishi

Ngao, hilo la mshahara una haki nalo, nitalirudia. Ila la kumkata bila kumsikiliza silikubali, maana uliyeumizwa naye ni mtu mmoja na huyu ni mwingine.

Mtunza, wasifu wa mtu wa namna hii mimi nausoma kwa maswali yangu, tofauti na ule wa anayeanza. Kwanza natafuta mara ya mwisho alipofanya kazi hii kwa mikono yake. Angalia alivyoeleza majukumu. Kama miaka yote 6 ni "nilisimamia", "niliongoza", "niliidhinisha", huenda hajagusa usuluhisho wa benki kwa muda mrefu na mfumo umeshabadilika. Lakini mkuu wa fedha wa ofisi yenye wahasibu wawili ni mtu tofauti kabisa na mkuu wa fedha mwenye watu thelathini chini yake. Wa kwanza huwa anaingiza ankara mwenyewe msaidizi akiwa likizo. Cheo ni kilekile, kwa hiyo tafuta ukubwa wa kitengo.

Pili naangalia amekaa muda gani kila mahali, na kama amewahi kuhamia nafasi ya chini au ya sawa kisha akatulia. Aliyekaa miaka 4 au 5 kila sehemu hana tabia ya kurukaruka, hata kama sasa anashuka. Anayebadilisha kila baada ya mwaka ataondoka kwako pia, na hiyo haihusiani na kuzidi sifa. Hata waanzaji wako wapimwe kwa kipimo hicho.

Tatu ni sababu ya kushuka. Wapo wanaosukumwa, kama idara kufutwa au akiba kuisha, na wapo wanaovutwa, kama aliyehamia karibu na mzazi mgonjwa au aliyechoka kusimamia watu na anataka kazi yenye mwisho saa kumi na moja. Anayesukumwa huendelea kutafuta akiwa kwako, na simlaumu. Barua yake ya maombi isipogusa jambo hilo kabisa, mpigie simu umuulize kabla hujakata.

Kijana wa Ghala

Hili linanihusu sana. Mimi nina shahada, msimamizi wangu ana stashahada, na nafasi za juu zikitangazwa wanachukua watu wa nje. Je, naweza kudai nipandishwe kwa sababu ya elimu?

Ngao ya Chuma

Kijana, hapa tunazungumzia mwombaji wa nje anayeomba kazi iliyo chini yake. Lako lianzishie uzi, watu watakuja.

Mtunza Daftari

Nimerudi kwenye wasifu baada ya kumsoma Bi Utumishi. Amekaa miaka 5 sehemu ya kwanza, 4 ya pili, 6 ya mwisho. Kuna pengo la karibu mwaka mzima tangu alipoacha. Kitengo alichoongoza kilikuwa na watu watatu pamoja naye, na ameandika wazi kwamba alikuwa anafunga hesabu za mwezi mwenyewe. Barua yake ni ya aya mbili na haielezi kwa nini anaomba nafasi hii.

Bi Utumishi

Basi hofu ya mikono iliyosahau kazi imepungua, na ya kurukaruka pia. Lililobaki ni sababu na mshahara.

Jopo lifanyeni hesabu hii badala ya kubishana kama ataondoka, maana kila mtu huondoka. Tuseme anayeanza anahitaji miezi 5 kabla hajafunga mwezi bila mtu kumkagua kila mstari. Akikaa miezi 24, umepata 19 ya kazi kamili. Mzoefu anahitaji miezi 2, zaidi ni kuujua mfumo wenu. Akikaa miezi 15 umepata 13. Tofauti si miezi 9 tena, ni 6. Na katika ile miezi 5 ya anayeanza, mtu wenu mwingine anapoteza sehemu ya siku zake kumfundisha. Dhidi ya hapo weka gharama ya kutangaza na kusaili upya mapema zaidi, pamoja na wiki ambazo kiti kitakuwa wazi. Ongeza na swali la ukaguzi: akiondoka mwezi wa nne mko katikati ya moto, akiondoka wa kumi mnapumua.

Halafu toeni kwenye kumbukumbu zenu muda ambao wasaidizi waliopita walikaa kweli. Ile miezi 24 watu huitaja kwa mazoea. Kwenye uhasibu kijana mara nyingi huondoka akishafaulu mitihani ya bodi, na hakuna anayemwita hatari.

Mwalimu wa Jioni

Naongezea kidogo. Berrin Erdogan na Talya Bauer walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya wauzaji wa maduka ya nguo nchini Uturuki. Waliojiona wamezidi kazi waliuza vizuri, na nia yao ya kuondoka ilitegemea sana kama wamepewa uhuru wa kuamua mambo ya kazi yao. Duka la nguo si kitengo cha uhasibu, kwa hiyo tusiunyooshe kupita kiasi. Lakini unaibua swali moja kwa Mtunza: nafasi hiyo ina nini ambacho mtu anaweza kukiamua mwenyewe? Kama kila vocha lazima ipite mikono mitatu, huyo atachoka hata mkimlipa vizuri.

Dada Msimamizi

Mimi naleta upande ambao hamjaugusa. Niliwahi kumsimamia mtu aliyenizidi umri na vyeti. Kazi aliifanya vizuri sana. Shida ilikuwa kwenye vikao, wenzake walianza kumuuliza yeye badala yangu, naye alijibu kwa sababu majibu alikuwa nayo. Hakuwa na nia mbaya. Tulikaa tukakubaliana kwamba taratibu za kufunga mwezi aziandike yeye, na uamuzi wa nani anafanya nini ubaki kwangu. Ikatulia, lakini ilinibidi niseme kwa mdomo, haikujipanga yenyewe. Kwenye usaili wenu aliyepangwa kuwa msimamizi awepo na aulize mwenyewe: "Nikikataa pendekezo lako ambalo unajua ni sahihi, utafanya nini?" Jibu la haraka lenye tabasamu lisiwatoshe, ombeni mfano uliomtokea.

Msaka Ajira

Wakuu, mimi ndiye huyo mnayemjadili, si yeye hasa ila wa aina yake. Nimeomba nafasi za chini mara nyingi, siitwi. Rafiki kanishauri nifute shahada ya uzamili na nafasi yangu ya mwisho kwenye sivii. Nifanye hivyo?

Bi Utumishi

Ndugu, kufupisha kunaruhusiwa. Kazi za zamani zisizohusika ziwe mstari mmoja, na majukumu uliyofanya kwa mikono yaje mbele. Kufuta nafasi ya mwisho sikushauri, utaacha pengo la miaka ambalo lina maswali mabaya zaidi, na fomu nyingi za maombi zina tamko la ukweli unalosaini. Weka mistari miwili juu kabisa: kwa nini kazi hii, na kwamba umeona ngazi ya mshahara.

Ngao ya Chuma

Uzamili afute tu. Hakuna anayeulizwa kwa nini hakutaja cheti.

Mwalimu wa Jioni

Inategemea fomu. Ikisema "taja sifa zote", kuacha ni kudanganya. Ikiwa ni wasifu wako tu, hapo hata mimi sina msimamo.

Mtunza Daftari

Nimempigia mwombaji wetu. Bi Utumishi alishaahidi kurudi kwenye mshahara, kwa hiyo naweka hali yetu kwa kipimo, si fedha. Tuseme katikati ya ngazi ni 100, chini 80, juu 120. Nilimtajia ngazi mwanzoni mwa simu, kabla ya kumuuliza chochote. Alinyamaza kidogo, akaomba afikirie hadi kesho yake. Alipopiga akasema anakubali, na kwamba anataka kazi isiyo na usimamizi wa watu kwa sababu za kifamilia, hakuziingia na sikumchimba. Ameomba aanzie 120. Mjumbe mmoja sasa anapendekeza tumpe 140 ili asiondoke.

Bi Utumishi

Umefanya vizuri kutaja ngazi kwanza, na kuomba siku moja kunanipa imani kuliko "nitachukua chochote". Anayekubali chochote hajapiga hesabu bado, ataipiga akishaanza.

140 msimpe. Mmetoka nje ya ngazi kwa kazi ileile, na mkimpa leo hamna pa kumpandisha, kwa hiyo mwaka ujao anasimama palepale. Kama kweli mnaona kazi ya 140 ipo, mfano kuandaa majedwali ya wakaguzi, andikeni upya nafasi, itangazwe kwa daraja lake. Msimwajiri msaidizi kwa siri awe mkuu. Wala msimwahidi kupanda cheo kusikokuwa kwenye bajeti.

Na mkiamua kumkataa, sababu kwenye kumbukumbu za jopo iwe ya kazi yenyewe. Nchi nyingi zinakataza ubaguzi wa umri kazini, na "amezidi sifa" pekee husomeka hivyo kirahisi.

Dada Msimamizi

Aliyepo sasa kwenye daraja hilo anapata kiasi gani?

Mtunza Daftari

104. Ana miaka minne nasi na ndiye atakayemfundisha mfumo.

Ngao ya Chuma

Hapo ndipo pa moto. Mpe mpya 120, wa zamani atajua ndani ya wiki.

Bi Utumishi

Ngao, hapo nakubaliana nawe kabisa. Mtunza, kabla ya usaili ulizeni fedha kama wa zamani anaweza kusogezwa, hata 112. Isipowezekana, mzoefu aanzie 110 mkimweleza wazi kwa nini, naye aamue.

Mtunza Daftari

Nimepeleka ombi la kumsogeza wa zamani, majibu bado. Usaili tumeupanga wiki ijayo na Dada Msimamizi nimelichukua swali lako lilivyo. Jopo halijakubaliana juu ya 110 au 120.