Naomba ushauri: kurudisha toleo la zamani kulishindikana

Wakuu, mimi ndiye fundi pekee wa mfumo wa mauzo kwenye duka la jumla lenye kaunta 6. Ijumaa usiku niliweka toleo jipya. Jumamosi mauzo yaliingia ila risiti hazikutoka. Nikarudisha programu ya zamani, ikagoma kuwaka, maana toleo jipya lilishabadilisha jina la safu kwenye hifadhidata. Kurejesha bakapu ya usiku kungefuta mauzo ya asubuhi.

Sasa nataka niongeze safu mpya bila kugusa ya zamani, nijaribu kaunta moja Jumanne, ya zamani niifute baada ya wiki 2. Kinachonisumbua ni idhini, kwa sababu bosi huagiza mabadiliko papo hapo. Kwenu nani anasaini, na nani huamua kurudi nyuma?