Dinamo ya tairi au ya habu: ipi itaponya taa inayopepesa nikienda polepole?

Spoku36: Wakuu, naombeni ushauri. Nimefunga seti ya dinamo, ile ya kugusa tairi, volti 6 wati 3. Dinamo iko kwenye gurudumu la nyuma, taa ya mbele iko kwenye usukani, zote za balbu ya kawaida. Nikikimbia inawaka safi. Nikipanda mlima inafifia mpaka njano, na tena inapepesa. Nachagua kati ya mambo mawili: nihamie dinamo ya habu, au nibaki na hii ninunue taa ya LED yenye kapasita. Kipi kina maana?

Pancha_Daima: Dinamo inateleza tu hiyo. Kaza springi ikandamize tairi zaidi. Mimi yangu nilikunja kabisa bano lake, mvua inyeshe isinyeshe inawaka.

MziwandaWaFremu: Kuteleza kupo, hasa tairi likilowa, lakini ukikandamiza sana unajiongezea uzito wa kupiga pedali na unakula ubavu wa tairi. Tazama kwanza mlalo wake. Mstari unaopita katikati ya dinamo, kuanzia kichwani hadi kitako, uelekee kwenye ekseli ya gurudumu. Ikikaa upande, kile kigurudumu kinasugua badala ya kuviringika.

Sasa Spoku36, kabla hujatoa hela, niambie inapepesaje. Inapiga mara moja kila gurudumu likizunguka, au ovyoovyo? Na ukigeuza usukani hali inabadilika?

Spoku36: Nimetoka kujaribu. Ni ovyoovyo. Nikikata kona inazimika kabisa, halafu inarudi.

MziwandaWaFremu: Basi hiyo si dinamo. Ingekuwa mara moja kwa kila mzunguko, ningesema ringi limepinda au tairi lina kinundu. Seti yako ina waya mmoja tu kwenda mbele, sivyo? Umeme unarudi kupitia chuma cha fremu. Dinamo iko nyuma, taa iko kwenye usukani, kwa hiyo njia ya kurudi inapita kwenye beringi za shingo ya baiskeli, zilizojaa grisi. Ukigeuza usukani golori zinahama, mgusano unakatika. Mlimani unayumbisha usukani kuliko unavyodhani.

Chukua waya mrefu, funga ncha moja kwenye skrubu ya bodi ya taa, nyingine kwenye bodi ya dinamo, kisha zungusha gurudumu huku unageuza usukani. Ikitulia, umepata ugonjwa. Uache waya huo moja kwa moja. Na kwenye bano la dinamo kuna kiskrubu chenye ncha kali. Kazi yake ni kutoboa rangi ifike kwenye chuma. Wengi hawakikazi.

Mama_Kengele: Mimi balbu ya nyuma inaungua kila wiki! Ina uhusiano na hili?

MziwandaWaFremu: Mama, unao. Wati 3 zinagawanywa, 2.4 mbele na 0.6 nyuma. Ya mbele ikikatika hata kwa sekunde chache ukiwa kasi, umeme wote unaikimbilia ile ndogo. Kagua waya wa mbele kwanza.

Pancha_Daima: Si aunganishe tu betri na dinamo, isaidie kwenye mlima?

Ngamia_wa_Usiku: Hapana ndugu. Dinamo inatoa umeme wa kwenda na kurudi, betri haiutaki huo bila daiodi za kuunyoosha. Tena dinamo ikisimama, betri itajimwaga ndani ya koili zake.

Kuhusu habu, mimi ninayo na siibadilishi, pedali zinabaki nyepesi na haitelezi. Ila kwa kupepesa usiitarajie sana. Yangu inatoa mapigo 28 kwa mzunguko wa gurudumu. Nikitembea naikokota, gurudumu linachukua kama sekunde mbili kuzunguka, basi ni mapigo 14 kwa sekunde, na jicho linayaona yote. Kigurudumu cha dinamo yako kinazunguka mara nyingi sana kwa kila mzunguko wa tairi, hivyo mapigo yake ni ya haraka mno kuonekana. Yako inafifia tu.

Spoku36: Nimefunga waya. Kona zote imetulia! Bado inakuwa njano nikienda taratibu sana.

MziwandaWaFremu: Hapo ndipo LED inapoingia. Inaanza kuangaza kwa umeme mdogo ambao balbu inautumia kupasha moto uzi wake tu, na ile kapasita inakushikia mwanga ukisimama. Angalia tu iandikwe ni ya dinamo, si ya betri.

Ngamia_wa_Usiku: Kwa anayepanda milima kila usiku bado ningemshauri habu pamoja na LED hiyohiyo.

MziwandaWaFremu: Avunje gurudumu zima asuke upya spoku 36 kwa ajili ya mlima mmoja? Hapo sikubaliani nawe.

Mama_Kengele: Waya wa mbele umekatika ndani ya plastiki, karibu na shingo. Nje hauonekani chochote.