Barua ya mwanafunzi anayehama: alama zilizoshuka niziandikeje?

MwalimuDarasa6: Walimu wenzangu, mwanafunzi wangu anahama. Hisabati alipata 72, kisha 70, muhula uliopita 48. Muhula huo alikosa siku 23 kati ya 60 kwa ugonjwa. Mzazi anataka barua "nzuri". Sitaki kudanganya, wala sitaki kumharibia mtoto.

Chaki: Usiziguse kabisa alama hizo, ripoti ipo. Sifia nidhamu na bidii, nusu ukurasa, saini, mhuri. Barua ndefu hazisomwi.

BiMkubwa: Kwenye urefu Chaki yuko sawa, ila kunyamazia 48 ni kosa. Huko aendako ripoti itakuwa mezani pamoja na barua. Wakiona anguko lisilo na maelezo, watajijazia sababu wenyewe, na ya kwanza kuwajia ni uvivu. Weka alama na mahudhurio katika sentensi moja:

"Katika mihula miwili ya kwanza alipata 72 na 70 katika Hisabati. Muhula wa tatu alihudhuria siku 37 tu kati ya 60 kwa sababu za kiafya, akapata 48. Hakuwepo tulipofundisha sehemu na desimali. Mada nyingine anazimudu."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zitakazomsaidia mwalimu mpya, maana anajua aanzie wapi. Ila kabla ya kuandika ile ya mwisho kabisa, pitia karatasi ya mtihani swali kwa swali. Kama alikosea hata mada alizokuwepo darasani, ifute.

Na "ana bidii" peke yake haina uzito, kila barua inayo. Andika ulichokiona: baada ya kurudi, alinakili na kukamilisha mazoezi yote aliyoyakosa bila kusukumwa. Kama hakufanya hivyo, tafuta la kweli.

MamaWawili: Kwa hiyo nikiwa na barua hii mwanangu anapokelewa? Sisi tumeambiwa bado kuna karatasi inapungua.

BiMkubwa: Hapana mama, hiyo itakuwa fomu ya uhamisho, na hiyo ni kazi ya ofisi ya mkuu wa shule. Barua ya mwalimu wa darasa inaeleza habari za mtoto tu, haimhamishi.

MwalimuDarasa6: Asante. Ugonjwa wenyewe niutaje?

BiMkubwa: Usiutaje. "Sababu za kiafya" inatosha, na hata hiyo mwonyeshe mzazi kwanza. Barua hukaa kwenye faili na kusomwa na wengi.

Mlezi_Zamu: Hapo sikubaliani. Kama ni pumu au kifafa, mwalimu wa zamu asipojua, mtoto akianguka uwanjani atamsaidiaje?

BiMkubwa: Lazima ajue, lakini aambiwe na mzazi, ana kwa ana, siku ya kuandikisha.

Mlezi_Zamu: Na mzazi akificha kwa kuogopa mtoto kukataliwa?

MwalimuDarasa6: Hilo nitamuuliza mzazi kesho kabla sijapeleka barua kugongwa mhuri.