Daftari la vifaa vya kinga saiti: kauntabuku, kadi au Excel?

Stoo_Chumbageni: Wakuu, habari za kazi. Natunza stoo kwenye saiti ya ghorofa hapa Tanga, wafanyakazi 46. Nagawa buti, helmeti, glavu na reflekta, na mpaka sasa naandika kwenye kauntabuku: jina, saizi, tarehe. Mwezi uliopita niliagiza buti jozi 20 kwa kukisia, nne kwa kila saizi kuanzia 40 mpaka 44. Za 42 ziliisha asubuhi ileile, za 40 zimebaki zinanitazama. Nihamie kadi ya kila mtu au Excel?

FundiNondo: Kauntabuku inatosha kabisa. Mtu akipokea anatia sahihi au dole gumba. Siku akisema hakupewa, unamfungulia ukurasa. Excel haina dole gumba.

DadaUsalama_Bgy: Fundi, hapo kwenye sahihi nakubaliana nawe. Ila kauntabuku imepangwa kwa siku ya kugawa, kwa hiyo haikuonyeshi nani anakaribia kubadilishiwa mpaka upekue kurasa zote. Kadi inakuonyesha mtu mmoja vizuri, lakini kuhesabu saizi 42 lazima ushike kadi zote 46. Mimi hapa Bagamoyo natumia viwili: kitabu cha sahihi na Excel ya hesabu, vinaunganishwa na namba ya mfanyakazi.

Stoo, kabla hujaanza nikutahadharishe jambo lililonigharimu. Mwanzoni niliweka mstari mmoja kwa kila mtu. Akibadilishiwa buti, nafuta tarehe ya zamani naandika mpya. Baada ya mwaka sikuwa na historia yoyote. Nikaanza upya: kila kifaa kinachotoka stoo kina mstari wake, na cha zamani hakifutwi, kinaandikiwa tarehe ya kurudi. Hapo ndipo nikaona kwamba buti za watu wa zege zinarudi mwezi wa nne au wa tano, wakati za mafundi umeme zinamaliza mwaka. Saruji mbichi inakausha ngozi, inapasuka pale kidole kinapokunja. Nilikuwa nimewaandikia wote miezi 12! Sasa miezi naiweka kwa kazi ya mtu.

Safu zangu: A namba, B jina, C kifaa, D saizi, E tarehe ya kutolewa, F miezi, G ya kubadilisha, H ya kurudi. Kwenye G2:

```
=EDATE(E2,F2)
```

Ukiona tarakimu tupu badala ya tarehe, badilisha muundo wa seli uwe tarehe. Na hii inahesabu buti za 42 zitakazohitajika ndani ya mwezi mmoja, pamoja na zilizokwisha kupita muda:

```
=COUNTIFS(C:C,"buti",D:D,42,G:G,"<="&EDATE(TODAY(),1),H:H,"")
```

Rudia kwa kila saizi, ndiyo oda yako.

Kijana_Pongwe: Shikamoo dada. Mimi nimejaribu, mingine inaleta #VALUE!

DadaUsalama_Bgy: Marahaba mdogo wangu. Kompyuta yako inasoma mwezi kwanza. 25/10 haiielewi, inaibakiza kama maandishi, imelala kushoto mwa seli. Hiyo angalau unaiona. Ya hatari ni 05/03: inaigeuza kuwa tarehe 3 Mei kimyakimya. Rekebisha mpangilio wa tarehe kwenye kompyuta, kisha ziandike upya.

Mzee_wa_Jukwaa: Mnawakata mishahara kwa buti zilizopotea? Kwangu vibarua wanaondoka nazo.

DadaUsalama_Bgy: Mzee wangu, shikamoo. Stoo hakuuliza hilo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwisha mwajiri jukumu la kutoa vifaa hivyo. Anayeondoka mwandikie tarehe ya kurudi, au andika "hakurudisha" kwenye H, asibaki kwenye hesabu ya oda.

FundiNondo: Helmeti je? Ni miaka mitano tangu tarehe iliyogongwa ndani, basi.

DadaUsalama_Bgy: Si zote. Watengenezaji wengine wanahesabu tangu siku ya kwanza kuvaliwa, na mikanda ya ndani mara nyingi hubadilishwa mapema kuliko ganda. Kwa helmeti andika tarehe zote mbili, ya kutengenezwa na ya kutolewa, ufuate karatasi ya mtengenezaji. Na iliyoangukiwa na kitu kizito haisubiri tarehe. Kwa jua letu la pwani, kandamiza ganda pande mbili: likilia au likiwa na ungaunga mweupe, litoe.

Stoo_Chumbageni: Ahsante sana dada. Naanza Jumatatu, mstari kwa kila kifaa. Nina swali moja: glavu za zege zinaisha kila wiki. Nazo kila jozi mstari wake?

FundiNondo: Glavu andika kwa genge, siyo kwa mtu.

DadaUsalama_Bgy: Mimi naandika kwa mtu hata glavu, maana saizi 8 na 10 haziazimani. Lakini nakiri mistari inakuwa mingi mno, sijapata njia nzuri.