Nina hukumu ya Dubai, mdaiwa karudi Nyali. Naikaza vipi?

mzee_wa_kibokoni: Wakuu naombeni ushauri. Nilimshtaki Dubai mshirika wangu wa biashara ya spea, korti ikamwamuru anilipe dirhamu 400,000 na riba, rufaa hakukata na muda wake umepita. Sasa karudi Mombasa, ana nyumba Nyali na simu zangu hashiki. Naenda tu na hukumu kortini au vipi?

salma254: Rahisi hiyo kaka, isajili Hai Koti chini ya ile sheria ya hukumu za nje ya 1984, mradi miaka 6 haijapita, halafu unamletea madalali mlangoni.

wakili_mkongwe: Salma sheria ni hiyo, ila ina orodha ya nchi: Uingereza imo, Tanzania, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi, Ushelisheli na Australia. Emirati haimo. Mzee itabidi ufungue kesi mpya kwa pleinti, deni unalodai ni hiyo hukumu yenyewe, mambo ya spea jaji hayafukui tena. Mahakama ya Rufaa ilishaikubali njia hii 2016, kwenye kesi ya Jayesh Shah na Navin Haria. Sasa niambie, unamshtaki alikuwa Dubai?

mzee_wa_kibokoni: Alikuwa ashaondoka, lakini aliweka wakili akabishana mpaka mwisho.

wakili_mkongwe: Hapo ndipo wengi wanapokwama. Angekaa kimya huku korti inamtangaza gazetini tu, leo angesema haikuwa na mamlaka juu yake na pengine angeshinda. Kuweka wakili akabishania deni ni kuikubali korti. Zitafute zile hoja zake za utetezi, ziambatanishe na cheti kwamba hukumu ni ya mwisho, na tafsiri yenye muhuri ya hukumu hiyo kutoka Kiarabu.

bintisuud: Na mimi nina amri ya korti ya Muskat ya kukaa na mtoto ila baba yake kamleta Malindi, nami nifungue pleinti?

wakili_mkongwe: Hapana mwanangu, lako si deni. Kwa mtoto jaji wa hapa anaangalia maslahi ya mtoto mwenyewe, amri ya Muskat ni ushahidi tu. Anzisha uzi wako nikujibu vizuri.

salma254: Lakini jamaa si atasema riba inakwenda kinyume na sera ya umma?

wakili_mkongwe: Atajaribu, wote hujaribu. Kampuni ya Lenkor ilipeleka hukumu ya Dubai Uingereza, mdaiwa akalia kwamba biashara ilikuwa na uharamu ndani yake na riba ya asilimia 9 ni adhabu, Mahakama ya Rufaa ya kule ikamkatalia 2021. Waingereza hawakuuliza kama Dubai nayo inakubali hukumu zao. Dubai ndiyo inayouliza, na Septemba 2022 wizara yao ya sheria ikaziandikia korti za Dubai kwamba kesi hiyo inatosha kuwa uthibitisho kwamba Uingereza inakubali hukumu zao. Kwa Kenya bado sijaona barua kama hiyo.

kaka_wa_bondeni: Muda je? Wakili wangu anasema miaka 12 kama hukumu yoyote.

wakili_mkongwe: Mimi naona 6, kwa kuwa unashtaki deni. Tunabishana sana hilo, kwa hiyo mzee usingoje, hukumu yako ni ya mwaka gani?