Nimepewa mpango wa siku 60 wa kuboresha utendaji, niujibuje?

Kalamu_Butu: Wakuu, naomba ushauri. Bosi ameniita akiwa na mtu wa rasilimali watu, wakanikabidhi mpango wa kuboresha utendaji. Mimi ndiye naandaa ripoti ya mauzo ya kila wiki. Wameandika "ripoti zinachelewa na zina makosa" na "aonyeshe umakini zaidi". Wanataka saini Jumatano. Kuchelewa ni kweli, ila matawi huniletea takwimu mchana wa Ijumaa, siku yenyewe ya kukabidhi. Nina hasira, nimeshaandika ukurasa mzima wa kuwajibu. Niutume?

Msema_Kweli: Usisaini! Ukisaini umekiri. Hapo wameshakufukuza, bado barua tu. Tafuta kazi.

Mama_Wawili: Nimefanya kazi rasilimali watu muda mrefu. Kutafuta kazi kimyakimya si vibaya, na kweli mipango mingine huandikwa kujaza faili tu. Ila usiposaini wataandika "amekataa kusaini" na siku zitahesabiwa vilevile. Soma maneno yaliyo juu ya nafasi ya saini. Kama yanasema umepokea, saini. Kama yanasema umekubali yaliyomo, andika kando kwa mkono "nimepokea, maelezo yangu yatafuata", kisha saini, weka tarehe, ubaki na nakala.

Ukurasa wa hasira usiutume. Kinachonitisha mimi ni hilo la "umakini zaidi", maana halina kipimo, na lisilo na kipimo huwezi kulifaulu. Mwandikie bosi kitu kama hiki:

"Nimepokea mpango. Ni kweli ripoti zimechelewa. Naomba kipimo kiwe ripoti kufika Ijumaa saa kumi jioni, ikiwa na masahihisho yasiyozidi mawili. Ili niweze, naomba matawi yalete takwimu Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Naomba pia nionyeshwe ripoti zilizokuwa na makosa, na tukutane kila Jumatatu kupitia wiki iliyopita."

Umeona matawi yameingia kama ombi, si kama lawama. Tawi likichelewa, mjulishe bosi saa ileile, si Jumatatu. Na kila baada ya kikao mtumie mistari mitatu ya mliyokubaliana.

Mgeni_Njiani: Mimi waliniongezea miezi mitatu ya majaribio, nikanyamaza, nikathibitishwa. Nyamaza tu.

Mama_Wawili: Majaribio ni habari nyingine, ndugu yangu. Huku ukinyamaza, faili linabaki na maneno ya upande mmoja.

Kalamu_Butu: Asante dada. Hizo ripoti zenye makosa, za nini tena kuziomba?

Mama_Wawili: Huenda makosa mengi ni ya aina moja, mfano fomula inayoacha mstari wa mwisho. Hilo unalirekebisha siku moja.

Msema_Kweli: Na bosi akikataa vipimo, au akiahirisha vikao kila wiki?

Mama_Wawili: Hapo hofu yako ina msingi. Apeleke barua ileile rasilimali watu, na kama kuna chama cha wafanyakazi awaonyeshe. Kama itamwokoa, siwezi kuapa.